Video Inayoisha Mara Moja

Video za Mama Mdogo zilikuwa zinaaga kama mgeni asiyetaka kuondoka. Mnamjua huyo mgeni. Ameshasema kwaheri, ameshavaa viatu, ameshika kitasa cha mlango, halafu anakumbuka habari ya jirani yake, na wewe mwenyeji unabaki umesimama ukitabasamu mpaka mashavu yanauma.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akimaliza harusi. Bibi na bwana harusi wanatembea bustanini kwa mwendo wa taratibu, picha inafifia. Unadhani imeisha. Inarudi: mkono wenye pete, juu yake ua linafunguka. Inafifia. Inarudi tena: wageni wote wanapunga mikono. Kisha jua linazama, jua lile lile, maana alilirekodi siku moja tu na akalitumia kwa kila aliyeoa mtaani kwetu. Kisha majina ya waliosaidia, kuanzia kamati mpaka aliyeazima viti. Muziki nao unashuka polepole, kama maji ya bomba yanayokatika.

Anafanyia kazi yake katika chumba cha uani, ambacho zamani kilikuwa stoo ya Baba Mdogo. Baba Mdogo ni fundi wa friji, na mpaka leo friji moja isiyo na mlango imebaki pale ndani. Mama Mdogo ameigeuza kabati: rafu ya juu inakaa kamera, ya kati betri na nyaya, na kule chini kwenye droo ya mboga anaweka vipaza sauti vyake vidogo, kila kimoja ndani ya soksi ya mtoto. Ukimwuliza kwa nini soksi, atakuambia hazikwaruzi. Ukimwuliza soksi za nani, atakuambia usiwe mdadisi.

Kazi yake ni nzuri, hilo hakuna anayelipinga. Picha zake zina mwanga safi, sauti haikwami, na ana jicho la kumnasa mama wa bwana harusi dakika ile anapojisahau. Shida ilikuwa mwisho tu. Kuna harusi moja picha ilipofifia mara ya kwanza, mshereheshaji akajua basi, akachukua kipaza sauti na kuita watu kwenye chakula. Ukumbi mzima ukapanga foleni na sahani mkononi, huku ukutani maharusi wakiendelea kupunga mikono kwa migongo ya watu. Mama Mdogo alirudi nyumbani akasema mshereheshaji yule hana adabu.

"Adabu anayo," alisema Mama Mkubwa. "Ana njaa pia."

Mama Mkubwa ndiye dada yao mkubwa, mkunga katika hospitali ya mtaani kwetu. Mama yangu yuko katikati yao, na kazi yake katika familia ni kuwasuluhisha. Mama Mkubwa hajawahi kuitazama video yoyote ya mdogo wake mpaka mwisho. Picha ikianza kufifia, yeye anasimama, anakung'uta sketi na kuuliza, "Hii ilikuwa nzuri. Imeisha mara ngapi?" Halafu anakwenda zake jikoni. Kila mtu anacheka, Mama Mdogo naye anacheka, lakini mimi nimeshamwona akiangalia ule mgongo unavyoondoka.

Ikafika zamu ya Mama Mkubwa kustaafu. Wauguzi wenzake wakataka siku ya kumuaga ioneshwe video ya maisha yake ya kazi, na nani mwingine wa kuitengeneza kama si mdogo wake mwenyewe? Mama Mdogo alikubali kabla hawajamaliza kuomba. Alinivuta pembeni uani, akaniambia kwa sauti ya chini kana kwamba ile friji inasikia:

"Hii ataitazama mpaka mwisho. Hata kama ni lazima nimfunge kwenye kiti."

Mimi nilikuwa msaidizi wa kubeba stendi ya kamera. Tukaenda wodi ya wazazi. Masharti yalikuwa wazi: mama yeyote asionekane sura wala asisikike sauti, chumba cha kujifungulia tusiingie, na tusimzuie mtu kazi. Tukarekodi mikono ya Mama Mkubwa ikinawa, povu mpaka kwenye viwiko. Tukamrekodi akiwagombeza wakunga vijana kuhusu kucha. Tukarekodi ukuta wa picha za watoto waliozaliwa mikononi mwake, wengine sasa wana ndevu.

Mahojiano yalifanyika kwenye chumba cha chai cha wauguzi, kwa sababu kiko kimya na dirisha lake lina mwanga mzuri. Mama Mdogo alimketisha dada yake kwenye kiti cha mbao, akambania kipaza sauti kisicho na waya kwenye kola ya gauni jeupe, akarudi nyuma ya kamera. Maswali yalienda vizuri mpaka lile la mwisho.

"Sasa dada, sema neno la kufungia. Sema, 'Safari yangu imefika mwisho.'"

"Safari gani? Nilikuwa hapa hapa miaka yote."

"Ni namna ya kusema tu."

"Basi isemwe na aliyesafiri."

"Haya, sema unawashukuru wote kwa ushirikiano."

Akasema. Alisema kama mtu anayesoma tangazo la kukatika umeme. Mama Mdogo akamwomba arudie akitabasamu kidogo, na alipotabasamu ikawa mbaya zaidi.

"Sikiliza, mdogo wangu," Mama Mkubwa alisema, miwani ameivua na kuiweka mezani. "Fanya unachotaka, ila usiniue. Nastaafu. Sijafa. Najua ule mchezo wako wa jua."

"Jua halitakuwepo."

"Na maua."

Mama Mdogo akaanza kurekebisha stendi. Hapo hapo mlango ukagongwa, muuguzi akaingiza kichwa, akasema neno moja la kazi, na Mama Mkubwa akainuka katikati ya mazungumzo bila kuaga. Mahojiano yakawa yameishia hapo. Tulimalizia chai yake, maana ilikuwa na sukari ya kutosha, tukamsubiri arudi na kipaza sauti chetu. Alirudi baada ya muda mrefu, akakibandua kwenye kola na kumrudishia mdogo wake kama mtu anayetoa mdudu aliyeingia kwenye nguo.

Wiki ile Mama Mdogo alijifungia uani. Alipotoka, alituita sebuleni Jumamosi mchana kuona alichofanya: mimi, Baba Mdogo, na Bibi, ambaye ndiye mama yao. Hapa lazima nieleze namna anavyopima kazi yake. Haangalii nyuso za watazamaji. Anasema nyuso za ndugu zinajipendekeza. Yeye anakaa kwenye kigoda pembeni na kuangalia miguu. Baba Mdogo akikaa kwenye kochi anavua ndala, na kichwa chake kikichoka kutazama, vidole vya miguu vinaanza kuzitafuta ndala zile chini ya meza, vyenyewe tu, kama kuku wanaodonoa. Hapo Mama Mdogo anaandika dakika.

Siku hiyo vidole vilitulia muda mrefu. Kucha za wakunga ziliwachekesha, ukuta wa picha ukamnyamazisha hata Baba Mdogo. Kisha ukaja mwisho. Mama Mkubwa akitembea peke yake kwenye korido ndefu ya hospitali, kwa mwendo wa taratibu, mgongo kwetu, kuelekea mlango wenye mwanga mweupe. Picha ikaanza kufifia. Kinanda kikalia. Sauti yake ikasema anawashukuru wote kwa ushirikiano.

Vidole vya Baba Mdogo vikadonoa ndala ya kushoto.

Bibi naye akatoa leso. Akajifuta jicho moja, kisha la pili, akauliza kwa sauti ya kukwama:

"Amekufa lini?"

"Mama, alikuwa hapa asubuhi. Amekuletea mafuta ya magoti."

"Mbona anakwenda kwenye ule mwanga?"

"Ni mlango wa maabara."

"Basi mrudishe," Bibi alisema. "Mwanangu haendi maabara mgongo ukiwa hivyo."

Baba Mdogo alicheka mpaka akakohoa. Mama Mdogo aliichomoa waya ya runinga, akaibeba kompyuta yake kifuani, akarudi uani. Nilimkuta amekaa mbele ya friji isiyo na mlango, amekata tamaa kabisa.

"Korido ile nilirudia kuirekodi mpaka wafagiaji wakanichukia," alisema. "Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga."

"Ni nzuri."

"Lakini?"

"Lakini inaenda. Mama Mkubwa hajawahi kwenda. Yeye kila siku anakuja."

Sikulisema kwa busara yoyote. Nilikuwa nakumbuka tu jinsi anavyoingia nyumbani kwetu, sauti kwanza, halafu mkoba, halafu mwenyewe. Mama Mdogo alinitazama kidogo. Kisha akaanza kufungua upya vipande vyote vya mahojiano, kimoja kimoja, akitafuta mahali ambapo dada yake anakuja. Hakuna. Amekaa tu. Amekaa, anajibu, anavua miwani.

Tukafika kipande cha mwisho kabisa, kile cha mlango kugongwa. Kawaida angekikata pale mtu anaposimama, kwa sababu mtu akitoka kwenye picha, kwa mhariri hiyo ni taka. Lakini kidole chake kilikuwa kimechoka, na kipande kikaendelea kucheza chenyewe. Kwenye skrini kilibaki kiti cha mbao, na mezani miwani na kikombe cha chai kinachotoa mvuke. Kamera haikuzimwa. Na kipaza sauti kilikuwa bado kwenye kola.

Zikasikika hatua za haraka. Mlango wa chumba cha pili. Kisha sauti ya Mama Mkubwa, karibu kabisa, kana kwamba yuko ndani ya friji:

"Nani ameacha ndoo hapa njiani?"

Hatua mbili tatu. Kisha sauti ile ile, lakini imeshuka, imekuwa laini namna ambayo mimi sikuwahi kuisikia mezani kwetu:

"Usisukume bado, mama. Nimefika."

Mama Mdogo alisimamisha. Kiti kilibaki pale kwenye skrini, kitupu, na bado kimejaa mtu.

"Huo ndio mwisho," alisema hatimaye.

Mtu asiyejua kazi hii angedhani sasa imebaki kubandika. Kumbe ugomvi ndio ulianza, na aligombana na nafsi yake mwenyewe. Kwanza ndoo. Aliogopa watu wakicheka kwenye ndoo watalifunika neno linalofuata. Akajaribu kuiondoa. Bila ndoo, neno la mwisho likawa zito mno, likaomba kinanda. Akairudisha, akaacha zile hatua mbili tatu zilivyo, ndefu ya kutosha watu wacheke na kunyamaza. Kicheko kikiisha, masikio yanakuwa wazi.

Pili kinanda. Hapo alipigana sana. Mwishowe akakizima mapema, kabla mlango haujagongwa, ili anaposimama Mama Mkubwa ukumbi uwe tayari kimya na watu wausikie ukimya wenyewe bila kuambiwa.

Tatu ndiyo ilikuwa ngumu. Kipaza sauti kile kilirekodi mpaka Mama Mkubwa alipokibandua. Maana yake huko mbele kulikuwa na kilio cha mtoto mchanga. Baba Mdogo, aliyekuja kuangalia kama tumekula, aliposikia hivyo akasema jibu limepatikana: mtoto alie, watu walie, tufunge duka.

"Hapana," alisema Mama Mdogo.

"Mwisho gani unashinda mtoto kuzaliwa?"

"Yule mtoto ana mama yake. Sauti ile ni yao, na masharti tulipewa. Sitaisikiliza hata mimi mwenyewe." Akaweka mshale kwenye kila kilichofuata baada ya neno "nimefika" na kukifuta, kipande kizima. "Halafu nikiweka kilio, itakuwa imeisha. Kisha inaisha tena."

Baba Mdogo aliniangalia. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilisema mwenyewe.

Mengine yalifuata. Majina ya waliosaidia aliyahamishia mwanzoni, chini ya picha ya mikono inayonawa, ili yeyote asilazimike kuyasubiri. Wauguzi wanaopunga mikono akawapeleka katikati. Korido aliikata vipande, akabakiza pale Mama Mkubwa anapokuja mbele ya kamera, si anapoondoka. Neno la ushirikiano alilitupa. Na baada ya "nimefika" hakufifisha: aliacha kiti kwa muda wa kuvuta pumzi, kisha akakata, giza kwa mkupuo. Aliacha giza hilo lirefuke, maana anajua mashine za ukumbini. Video ikiisha tu, zinaonesha ukutani mafaili ya mwenye kompyuta, pamoja na picha zake za likizo.

Siku yenyewe, ukumbi wa hospitali ulijaa. Kabla ya kuanza, Mama Mdogo alimfuata mshereheshaji, kijana mnene mwenye tai ya kung'aa.

"Ukiona giza, usiguse kipaza sauti."

"Nitajuaje kama imeisha, mama?"

"Utajua."

"Na taa?"

"Kaa mbali na taa."

Kijana akaahidi, ingawa alionekana kama mtu aliyezuiwa kupumua. Mama Mdogo akaja kukaa nyuma ya meza kuu, kando yangu, mahali ambapo hakuna anayekaa kwa hiari kwa sababu skrini inaonekana upande. Nilielewa baadaye. Pale unaona chini ya kitambaa cha meza.

Mama Mkubwa alikuwa amevaa viatu vipya vya heshima, vinavyombana. Hotuba ya kwanza tu alishavivua. Miguu yake ilikuwa imetulia juu ya sakafu baridi, na viatu vimelala pembeni.

Video ikaanza. Watu walicheka kwenye kucha. Walinyooshea vidole ukuta wa picha. Miguu haikusogea. Ikaja korido, na Mama Mdogo akanishika kifundo cha mkono, maana hapo ndipo dada yake huwa anaanza kukung'uta sketi. Mguu wa kulia ulijivuta kidogo kuelekea kiatu. Kwenye skrini Mama Mkubwa akatokea kwenye kona ya korido, akaja, akaja, akaipita kamera na kuiambia isisimame njiani kwake. Mguu ukarudi ulipokuwa.

Kinanda kilizimika. Mlango ukagongwa. Mama Mkubwa wa kwenye skrini akasimama na kuondoka, kikabaki kiti.

Ukumbini mtu mmoja alijikohoza, akidhani mitambo imeharibika.

"Nani ameacha ndoo hapa njiani?"

Wakunga waliangua kicheko wote kwa pamoja, meza nzima, kicheko cha watu wenye hatia. Kikapanda, kikashuka, na kikakuta zile hatua bado zinatembea.

"Usisukume bado, mama. Nimefika."

Kiti. Miwani. Mvuke wa chai. Giza.

Hakuna aliyepiga makofi. Nilidhani tumeharibu. Kwenye giza nilisikia tu kijana wa tai akivuta pumzi kwa nguvu, na kandokando yangu Mama Mdogo amekunja mgongo kabisa, kichwa chini ya usawa wa meza, anatafuta kuona miguu asiyoweza kuiona. Kisha kutoka katikati ya ukumbi sauti ya mwanamke ikauliza, bila kipaza sauti, kama anayeuliza sebuleni kwake:

"Halafu ikawaje?"

Na kutoka meza kuu sauti ya Mama Mkubwa ikajibu:

"Alijifungua salama. Ndoo ndiyo mpaka leo haina mwenyewe."

Hapo ukumbi ukapasuka. Makofi, meza kugongwa, mtu akawasha taa bila kuambiwa na kwa mara hiyo hakuna aliyemlaumu. Wakunga walikuwa wanalia na kucheka, wakinyoosheana vidole kuhusu ndoo. Mama Mkubwa alikuwa amekaa. Hakuwa amesimama, hakuwa amekung'uta chochote. Alikuwa akiitazama skrini nyeusi kana kwamba bado kuna kiti pale, na mkono wake umeshika kola mahali ambapo kipaza sauti kilikuwa kimebanwa.

Baadaye kidogo akageuka nyuma.

"We mtoto," alimwambia mdogo wake, ambaye ana mvi. "Uliniacha na kile kidude mpaka ndani?"

"Ulikwenda nacho mwenyewe, dada."

"Na mtoto? Umemsikia?"

"Nilifuta kila kitu."

Mama Mkubwa akatikisa kichwa, taratibu, kichwa kinachokubali. Watu walikuwa wanaanza kumjia na zawadi zao, na alitaka kusimama awapokee. Akapapasa kwa mguu chini ya meza. Kiatu kimoja alikipata. Cha pili kilikuwa kimepigwa teke kikaenda mbali, pengine kuitafuta ile ndoo.

Mama Mdogo hakusubiri kuombwa. Aliinua kitambaa cha meza, akapiga magoti na kuingia chini mpaka kiunoni, akitafuta.

"Imeisha mara ngapi?" sauti yake ilitoka huko chini, imefunikwa na kitambaa.

Mama Mkubwa alinyoosha mguu usio na kiatu, akausubirisha hewani.

"Mara moja," alisema. "Leta kiatu."